Mshahara Ambao Mwenye Duka Hajilipi

Faida ya kihasibu ni kiasi kinachobaki baada ya kutoa kwenye mauzo gharama zote zilizolipwa, au zitakazolipwa, kwa watu wengine: bidhaa, umeme, usafiri, leseni, mshahara wa mwajiriwa na riba ya benki, pamoja na uchakavu wa vifaa. Faida ya kiuchumi huanzia hapohapo, kisha hutoa gharama nyingine ambazo hazina risiti kwa sababu anayestahili kulipwa ni mwenye biashara mwenyewe. Muda wake ungeweza kuuzwa kwingine, fedha zake zingeweza kuwekwa kwingine, na chumba anachofanyia biashara kingeweza kupangishwa. Kile ambacho vitu hivyo vingemwingizia huko ndicho gharama ya kuvitumia hapa. Wanauchumi huiita gharama ya fursa, na kwao ina uzito uleule wa bili ya umeme.

Katika kampuni kubwa, sehemu kubwa ya mambo haya huonekana yenyewe. Meneja ana mshahara, jengo lina kodi ya pango, na mkopo una riba. Kadiri biashara inavyokuwa ndogo ndivyo gharama zisizo na risiti zinavyozidi zile zenye risiti, mpaka kwenye duka la mtaani, genge au shamba la ekari mbili zinakuwa ndiyo sehemu kubwa ya hesabu. Hapo ndipo pengo kati ya faida hizi mbili hupotosha watu zaidi.

Mfano unaoonyesha jambo hili vizuri ni duka la rejareja, lile ambalo wakazi wa Dar es Salaam huliita duka la Mangi hata kama mwenyewe hajawahi kuuona Mlima Kilimanjaro. Takwimu zinazofuata ni za mfano tu, ila zimepangwa zifanane na duka la kawaida la pembezoni mwa jiji. Duka liko kwenye fremu iliyojengwa mbele ya nyumba ya mwenyewe. Hufunguliwa saa 12:30 asubuhi na kufungwa saa 4:00 usiku. Mauzo ni wastani wa shilingi 250,000 kwa siku, na kwa siku 360 za mwaka yanafika shilingi milioni 90. Katika kila shilingi 100 zinazoingia, 86 hurudi kwa wauzaji wa jumla, kwa maana unga, sukari na mafuta ya kupikia huacha kidogo sana, na wastani huinuliwa na vitu vidogo kama sabuni, viberiti na biskuti. Pato ghafi la mwaka ni shilingi milioni 12.6.

Kutoka hapo hutolewa umeme wa LUKU shilingi 600,000, kirikuu ya kuleta mzigo shilingi 960,000, na leseni, ada ya taka na mchango wa ulinzi shilingi 600,000. Bidhaa zilizoharibika, zilizoliwa na panya au kupitwa na muda ni shilingi 480,000. Friji ilinunuliwa kwa shilingi milioni 1.5 na inakadiriwa kudumu miaka 5, kwa hiyo uchakavu wake wa mwaka ni shilingi 300,000. Jumla ya matumizi ni shilingi 2,940,000. Faida ya kihasibu, kabla ya kodi ya mapato, ni shilingi 9,660,000 kwa mwaka, yaani shilingi 805,000 kwa mwezi.

Mwenye duka akisema kuwa duka linalipa, daftari linamuunga mkono. Wala daftari hilo halina kosa, mradi unga na sukari vinavyochukuliwa kwenda jikoni navyo vimeandikwa. Limejibu swali lililoulizwa: baada ya kulipa watu wa nje, nimebaki na nini? Swali ambalo halikuulizwa ni kama kiasi hicho kinatosha kulipa vitu vinne ambavyo mwenye duka na nyumba yake wamevitoa bila kudai malipo.

Cha kwanza na chepesi kukipima ni fremu. Haijalishi iligharimu kiasi gani kuijenga. Kinachohusika ni kodi ambayo ingelipwa leo na mpangaji, na bei hiyo haihitaji mtaalamu, kwa kuwa jirani mwenye fremu ya ukubwa uleule huwa ameshapangisha. Ikiwa fremu za mtaa huo hupangishwa kwa shilingi 100,000 kwa mwezi, duka linadaiwa shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Mwenye duka ni mpangaji wake mwenyewe, tena mpangaji asiyelipa.

Cha pili ni muda wake. Hapa watu hukosea kwa kwenda pande mbili. Wapo wanaohesabu muda wao kuwa bure kwa sababu hawajilipi, na wapo wanaoupangia bei ya mshahara wanaoutamani. Kipimo sahihi ni kazi ambayo mtu huyo, kwa ujuzi na umri alionao na mahali anapoishi, angeipata kweli. Kama mfanyabiashara wa jumla amewahi kumwomba akasimamie ghala lake kwa shilingi 400,000 kwa mwezi, na nafasi ya namna hiyo bado inapatikana, basi muda wake ni shilingi 4,800,000 kwa mwaka. Kama hakuna kazi ya kuajiriwa, kipimo kinahamia kwenye kibarua au shughuli nyingine ambayo angeifanya, na kiasi hicho kinaweza kuwa kidogo mno. Kwa mtu ambaye hana pa kwenda, gharama ya muda wake hukaribia sifuri, na duka linalomwachia shilingi 200,000 kwa mwezi linaweza kuwa na faida ya kweli kuliko duka kubwa la mtu aliyeacha kazi nzuri.

Cha tatu ni mdogo wake anayekaa dukani mchana. Halipwi, analala na kula hapo nyumbani. Msaidizi wa nje angepewa chakula na malazi yaleyale, na juu yake shilingi 120,000 kwa mwezi, yaani shilingi 1,440,000 kwa mwaka. Gharama hii ni ya familia, si ya mwenye duka peke yake, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Biashara nyingi zinazosifiwa kuwa zimesimama imara zimesimama juu ya mabega ya mke, mtoto aliyemaliza shule au ndugu aliyeletwa kutoka kijijini, na siku mtu huyo akiolewa au akipata kazi ndipo inapogundulika kuwa alikuwa sehemu ya mtaji.

Cha nne ni mtaji wenyewe. Kuujua kunahitaji siku moja ya kuhesabu mali. Bidhaa zilizo rafuni na stoo, kwa bei ya kununulia, ni shilingi milioni 12. Fedha za mzunguko zilizo kwenye droo na kwenye simu ni milioni 1. Madeni ya wateja yanayotarajiwa kulipwa ni milioni 1. Friji na rafu, kwa bei ambayo zingeuzwa leo, ni milioni 1. Jumla ni shilingi milioni 15 ambazo haziwezi kufanya kazi nyingine zikiwa humo. Zingefanya kazi gani? Hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu ya Tanzania zinaweza kununuliwa kuanzia shilingi milioni 1, hulipa riba mara mbili kwa mwaka, na riba ya zile za muda mrefu imekuwa zaidi ya 10% katika miaka ya karibuni. Kwa kiwango cha 12%, mtaji huo ungeleta shilingi 1,800,000 kwa mwaka huku mwenyewe amelala.

Msomaji makini anaweza kuuliza kama friji haijahesabiwa mara mbili, kwa kuwa uchakavu wake ulishatolewa. Haijahesabiwa. Uchakavu ni ile thamani iliyoliwa mwaka huo. Gharama ya mtaji ni malipo ya thamani ambayo bado imefungiwa ndani ya friji. Anayekodisha friji kwa wenye mabucha hudai vyote viwili ndani ya kodi moja.

Vitu vinne vikijumlishwa, gharama zisizo na risiti ni shilingi 9,240,000. Zikitolewa kwenye 9,660,000 zinabaki shilingi 420,000 kwa mwaka, sawa na shilingi 35,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo faida ya kiuchumi ya duka hili. Zile shilingi 805,000 zilizoonekana kila mwezi zilikuwa hasa mshahara wa mtu mmoja, posho ya mwingine, kodi ya fremu na riba ya mtaji, vyote vikiwa vimetiwa kwenye mfuko mmoja na kupewa jina la faida.

Kuna haja ya kuisoma namba hiyo kwa uangalifu. Faida ya kiuchumi ikiwa sifuri haina maana kwamba biashara imepata hasara. Maana yake ni kwamba muda, mtaji na jengo vimelipwa kile ambacho vingelipwa kwingine, hakuna pungufu wala ziada. Hali hiyo huitwa faida ya kawaida, na mtaa wenye maduka manane yanayouza vitu vilevile husukumwa kuelekea huko. Duka la kwanza kufunguliwa hupata ziada, ziada huonekana, na baada ya muda fremu mpya zinachipuka hadi ziada inakwisha. Ikienda chini ya sifuri ndipo kunakuwa na ishara kwamba vitu hivyo vinne vingelipwa vizuri zaidi mahali pengine, hata kama droo haijawahi kukosa fedha.

Mwanauchumi wa Kiingereza Alfred Marshall, katika kitabu chake kikuu cha 1890, alikwishaigawa faida ya mfanyabiashara kwa namna hii: riba ya mtaji wake upande mmoja, na upande wa pili ujira wa kazi yake ya kusimamia. Karne moja baadaye, katika miaka ya 1990, kampuni ya ushauri ya Stern Stewart ya New York ilivuma kwa kuwauzia wakurugenzi wa kampuni kubwa kipimo kinachotoa gharama ya mtaji wa wanahisa kwenye faida. Ilikuwa hoja ileile iliyovalishwa suti. Hesabu za kawaida za kampuni hutoa riba ya mkopo lakini hazitoi chochote kwa ajili ya fedha za wanahisa, kana kwamba wamezikopesha bure.

Upungufu huo unaonekana waziwazi yakilinganishwa maduka mawili yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa chanzo cha mtaji. Moja lina milioni 15 za mwenyewe. La pili limekopa milioni 15 hizo kwa riba ya 20%, hivyo linalipa shilingi milioni 3 kwa mwaka. Faida ya kihasibu ya la kwanza ni 9,660,000 na ya la pili ni 6,660,000, na mtaa mzima utasema mwenye duka la kwanza ni mfanyabiashara hodari zaidi. Kumbe wanauza sawasawa. Faida ya kiuchumi inapohesabiwa, la kwanza linatozwa 1,800,000 kwa mtaji wake, na la pili halitozwi tena kwa sababu riba imeshatolewa. Pengo linashuka kutoka milioni 3 hadi milioni 1.2, ambayo ni tofauti halisi kati ya bei ya mkopo na riba ambayo akiba ingeleta. Kanuni inayotokana na hapo ni kwamba mtaji wa mwenyewe tu ndio unaotozwa. Anayetoza mtaji wote wakati sehemu yake ni mkopo wa benki au wa VICOBA anajikata mara mbili.

Kati ya makadirio yote haya, lenye mjadala ni kiwango cha 12%. Serikali ikikopa hulipa. Duka linaweza kuungua, kuvunjwa usiku au kupoteza wateja barabara ikihamishwa. Fedha zilizo kwenye hatari kubwa zinastahili malipo makubwa. Kiwango kikipandishwa hadi 18% kufidia hatari hiyo, gharama ya mtaji inakuwa 2,700,000, na ile ziada ya 420,000 inageuka upungufu wa 480,000. Namba moja iliyokisiwa imegeuza jibu. Ndiyo maana faida ya kiuchumi hupaswa kukokotolewa kwa viwango viwili au vitatu, na jibu likibadilika kutoka ziada kwenda upungufu kwa mabadiliko madogo, tafsiri ya haki ni kwamba duka liko karibu na mstari wa sifuri. Anayetaja jibu hadi shilingi ya mwisho anajidanganya.

Saa za kazi nazo zina utata wake. Ile kazi ya ghalani ni ya saa 9 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, jumla saa 2,808 kwa mwaka. Dukani, hata baada ya kutoa zamu ya mdogo wake, mwenyewe anakaa saa 12 kwa siku, sawa na saa 4,320. Je, zile saa 1,512 za ziada zihesabiwe? Ikiwa angeweza kuziuza, kwa mfano kwa kushona nguo au kufundisha masomo ya jioni, zihesabiwe kwa bei ya shughuli hiyo. Ikiwa angezitumia kupumzika na watoto, hakuna bei ya sokoni, lakini si bure. Ni juu yake kujiuliza angedai kiasi gani ili kuziacha. Upande wa pili wa mizani, kuna thamani ya kutokuwa chini ya bosi, ya kuwa karibu na nyumba mgonjwa anapouguzwa, na ya kupata unga kwa bei ya jumla. Wapo wanaokubali kupungukiwa laki moja kwa mwezi kwa ajili ya mambo hayo, na hakuna hesabu inayoweza kuwaambia kwamba wamekosea. Inaweza tu kuwaonyesha kwamba uhuru wao unagharimu laki moja.

Biashara ya bodaboda ina utaratibu ambao umeshalitatua swali la mtaji bila msaada wa kitabu. Dereva asiye na pikipiki hukabidhi hesabu kwa tajiri kila siku. Hesabu ikiwa shilingi 10,000, na baada ya mafuta siku imeacha 22,000, dereva anabaki na 12,000. Jirani yake anayeendesha pikipiki yake mwenyewe anarudi na 22,000 nzima na kujiona anapata karibu mara mbili. Kwa kazi ya kuendesha, wote wawili wamepata 12,000. Zile 10,000 ni malipo ya pikipiki, zikiwa zimechanganya uchakavu, hatari ya wizi na riba ya fedha zilizoinunua. Anayezila zote hujikuta, pikipiki inapochoka, hana ya kununulia nyingine. Wenye pikipiki wanaojitoza hesabu na kuiweka pembeni kila jioni wanafanya hesabu ya faida ya kiuchumi.

Kosa la kawaida kuliko mengine katika hesabu hii ni kuingiza fedha zilizokwisha kupotea. Mtu aliyelipa kilemba cha shilingi milioni 5 ili aachiwe fremu Kariakoo mara nyingi huona ni lazima milioni hizo zirudi kabla hajafikiria kuondoka. Zinahesabika endapo tu zinaweza kurudi. Ikiwa naye akiondoka atapata mpangaji wa kumlipa kilemba cha milioni 4, basi hizo milioni 4 ni mtaji uliofungiwa humo na utozwe. Ikiwa mwenye jengo haruhusu kuuziana nafasi, kilemba kimekwenda, na kukaa mwaka mwingine hakutakirudisha. Rangi iliyopakwa, vigae vilivyotandikwa na bango lenye jina la duka huhukumiwa kwa kipimo hichohicho: vitauzwa kwa bei gani leo?

Kosa la pili ni kuzikokotoa gharama hizi mara moja na kuziacha. Faida ya kihasibu hubadilika kwa mambo yanayotokea ndani ya duka, lakini ya kiuchumi inaweza kubadilika bila rafu kuguswa. Barabara ya mtaa ule ikiwekwa lami, fremu za jirani hupanda kutoka shilingi 100,000 hadi 200,000 kwa mwezi. Ikitokea mauzo ya duka yamebaki palepale, daftari litaonyesha milioni 9.66 kama mwaka uliopita, lakini fremu sasa inadai 2,400,000, na ile ziada ya 420,000 imekuwa upungufu wa 780,000. Kilichotokea ni kwamba mwenyewe ametajirika kama mwenye nyumba na amepungukiwa kama mwenye duka. Anaweza kuamua kuuza bidhaa zenye faida kubwa zaidi zinazolingana na mahali penye lami, au kumpangisha mwenye duka la dawa na kuhamisha mzigo wake mtaa wa nyuma. Asipotenganisha hesabu hizi mbili, hataona kwamba kuna uamuzi wa kufanya.

Mamlaka ya mapato haihusiki na hesabu hii ya pili. Mtu anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe haruhusiwi kutoa mshahara wake kama gharama. Anachochukua ni matumizi binafsi kutoka kwenye faida, na mtaji wake hauna riba ya kupunguza kodi. Akisajili kampuni na kujiajiri kama mkurugenzi, mshahara wake unaingia kwenye vitabu na kukatwa kodi ya ajira, lakini gharama ya mtaji wake bado haionekani. Kwa hiyo taarifa inayopelekwa kwa mkusanya kodi, au kwa ofisa mikopo wa benki, hubaki kuwa ile ya kihasibu. Ya kiuchumi huandikwa kwenye ukurasa mwingine wa daftari, na mwaka wenye kazi ya kuirudia ni ule ambao kodi ya fremu za jirani, riba ya hatifungani au mshahara wa kazi mbadala umebadilika.